Je, Wajua? Uso Uliogeuka Kijani

Je, wajua kwamba mtu aliyesimama chini ya mwembe saa saba mchana anaweza kupigwa na mwanga kutoka pande tatu kwa wakati mmoja? Juu ya kichwa, majani yanachuja jua. Yanameza sehemu kubwa ya wekundu na ubuluu ili yajitengenezee chakula, na kijani yasichokihitaji sana yanakiachia kipite au kirudi kilikotoka. Pembeni, pale matawi yanapoishia, mwanga wa anga unaingia ukiwa na ubuluu wake. Na chini, kama kuna ukoka unaopigwa na jua, kijani kingine kinapanda na kutua chini ya kidevu, kwenye matundu ya pua na chini ya nyusi. Mwanga wa pembeni mwa ukuta uliopakwa rangi ya kijani ni hivyohivyo: shavu moja linatazama ukuta, jingine linatazama uwazi.

Hili ndilo jambo ambalo wapigapicha wengi hulipita haraka. Kijani cha usoni kina mwelekeo. Kimetoka mahali fulani, kimetua upande fulani, na upande wa pili huenda hakipo kabisa. Anayelijua hilo hakimbilii kuipaka picha nzima dawa ya ugonjwa wa shavu moja.

Je, wajua kwa nini hukukiona kijani hicho ulipokuwa unapiga? Kwa sababu ubongo unajua kwamba bibi harusi hana uso wa kijani, basi unamrekebisha papo hapo bila kukuuliza. Kamera haina ujuzi huo. Inaandika ilichopokea. Baadaye, nyumbani, mama mzazi anaangalia picha kwenye kioo cha simu na kuuliza, "Mbona mwanangu anaonekana anaumwa?" Hajasema neno kijani, lakini ndicho anachokiona. Kwenye ngozi ya maji ya kunde kijani mara nyingi hakijitokezi kama kijani. Kinajitokeza kama uchovu, kama homa iliyoanza kupona. Kwenye ngozi nyeusi zaidi kinajitokeza kama kupauka, mtu aliyesahau kujipaka mafuta.

Kuna njia nyepesi ya kukiona mapema. Chukua karatasi nyeupe, ikunje katikati, ishike kando ya uso wa unayempiga ili ubavu mmoja uelekee ukuta na mwingine uelekee uwazi. Jicho ni dhaifu katika kuhukumu rangi moja peke yake, lakini ni hodari sana katika kulinganisha rangi mbili zilizokaa pamoja. Ubavu wa ukutani utauona umeiva kijani pale pale. Kisha igeuze, ubavu mmoja uangalie chini na mwingine uangalie juu, nawe utajua kama tatizo ni majani ya juu au ukoka wa chini. Karatasi ya daftari inatosha kwa kazi hii, maana hapa unalinganisha tu, hupimi.

Je, wajua kwamba yale madoa ya jua yanayotua usoni chini ya mti hayana kijani hata kidogo? Mwanga huo umepita kwenye nafasi kati ya majani bila kugusa jani lolote. Ni jua tupu. Ndiyo maana mara nyingi madoa hayo ni ya mviringo, hata kama nafasi zenyewe zina pembe: kila doa ni taswira ya jua, na siku ya kupatwa kwa jua madoa yote hugeuka kuwa hilali. Kwa mhariri wa picha maana yake ni chungu. Uso wenye madoa una sehemu zenye rangi sahihi kabisa zilizozungukwa na kivuli cha kijani. Ukiondoa kijani kwenye uso wote kwa pamoja, kivuli kitapona lakini madoa yatakuwa ya waridi. Hakuna kitelezi kitakachokutoa hapo kwa urahisi, na ushauri wangu ni kumsogeza mtu hatua mbili kabla ya kubonyeza.

Je, wajua kwamba kipimo cha Kelvin hakiwezi kuondoa kijani? Kelvin hupanda na kushuka kwenye mstari mmoja tu, kutoka ubuluu hadi manjano ya jioni. Kijani kiko kwenye mstari wa pili unaoukata ule wa kwanza, ambao mwisho wake mwingine ni majenta, ile rangi iliyo kati ya waridi na zambarau. Katika programu nyingi mstari wa kwanza unaitwa Temperature na wa pili unaitwa Tint. Kamera za Canon zina WB Shift, mraba wenye herufi A, B, M na G, na M ndiyo majenta. Simu nyingi, hata zenye hali ya Pro, hukupa Kelvin peke yake. Basi mtu anahangaika kupandisha joto ili uso uchangamke, na matokeo yake ni manjano juu ya kijani. Uso unageuka rangi ya embe bichi linaloanza kuiva.

Hali ya kujirekebisha yenyewe nayo ina kasoro yake chini ya mti. Kamera huangalia fremu nzima na kukisia rangi ya mwanga. Fremu ikijaa majani, inaweza kudhani kwamba kijani hicho ni cha mwanga, ikaongeza majenta. Ukisogea karibu hadi uso ujaze fremu, inabadilisha mawazo. Matokeo ni picha kumi za mtu mmoja chini ya mti mmoja zenye rangi kumi. Ni afadhali uweke Daylight na uiache hapo. Zitakosea zote kwa namna moja, na kosa la namna moja hurekebishika.

Je, wajua kwamba kurudi nyuma hatua moja kutoka kwenye ukuta hakusaidii karibu chochote? Watu wengi wamesikia kwamba mwanga hupungua kwa mraba wa umbali. Hiyo ni kweli kwa taa ndogo, si kwa ukuta. Kwa ukuta, kinachohesabika ni sehemu gani ya yale yote ambayo shavu linayaona imejazwa na ukuta huo.

Tuchukue ukuta wa kijani wenye urefu wa mita 6 na kimo cha mita 3, na shavu linaloutazama uso kwa uso, katikati yake. Kwa umbali wa nusu mita, ukuta unachukua takriban asilimia 94 ya mwanga unaoweza kulifikia shavu hilo. Kwa mita 1 bado ni asilimia 81. Kwa mita 3 zimebaki 36, na kwa mita 6 ni 13 tu. Hizi ni hesabu za maumbo matupu, na mahali halisi kutakuwa na mabega, nguo na ardhi vinavyoingilia. Hata hivyo zinaonyesha kazi ilivyo. Aliyemtoa mtu nusu mita akampeleka mita moja hajafanya kitu. Inabidi kufika mita tatu ndipo uso uanze kupumua.

Na kama huna mita tatu, geuza mtu badala ya kumsogeza. Akiupa ukuta mgongo, kijani kitagusa masikio na mabega kwa nyuma, na sehemu inayotazama kamera itapata mwanga wa uwazi. Nchini Kenya maduka ya M-Pesa ya Safaricom yanafahamika kwa kijani chao, na mwenye duka akisimama mlangoni kutazama barabara hupendeza bila taabu. Matatizo huanza anapoegemea ukuta kwa bega, uso ukiwa umekaa ubavu.

Angalia pia jua liko wapi. Ukuta ulio kivulini hauna nguvu kubwa. Ukuta unaopigwa na jua ni taa, na ni taa kubwa kuliko yoyote utakayobeba. Ukuta wa hatari kuliko zote ni ule ulio nyuma yako wewe mpigapicha, ng'ambo ya uchochoro, ukiwa kwenye jua kali. Hauonekani kwenye picha, kwa hiyo baadaye kila mtu anashangaa kijani kimetoka wapi.

Je, wajua kwamba kinga bora dhidi ya kijani cha ukoka inauzwa sokoni kwa wenye vitambaa? Ni shuka jeupe. Litandike miguuni pa unayempiga, nje kidogo ya fremu, upande wa kamera. Nyasi zinafunikwa, na badala ya kijani sasa mwanga mweupe unapanda kidevuni. Kama shuka linaongeza mwanga mwingi kuliko unavyotaka, tumia kitambaa cheusi. Hiki hakileti mwanga wowote, kinazuia tu ule wa nyasi, na kivuli cha shingoni kinabaki na kina chake. Kwenye ukuta fanya vivyo hivyo: mtu mmoja ashike kitambaa kati ya shavu na ukuta, mahali ambapo lenzi haifiki. Uwanja wa udongo mwekundu uliofagiwa nao huleta rangi, lakini ni ya chungwa, na ngozi huipokea vizuri zaidi kuliko kijani. Mchanga mweupe wa pwani hauna shida hiyo kabisa.

Flashi nayo ni dawa, kwa kuwa mwanga wake uko karibu na ule wa mchana. Ikipigwa kwa kiasi juu ya uso, inafunika kijani, na majani ya nyuma yanabaki na rangi yao ya asili. Lakini usiielekeze ukutani ili irudi. Flashi iliyogonga ukuta wa kijani inarudi ikiwa ya kijani.

Je, wajua kwamba uso hurudisha mwanga kwa njia mbili, na ni njia moja tu inayobeba rangi ya ngozi? Sehemu ndogo ya mwanga, takriban asilimia 5, hurudi kutoka juu kabisa bila kuingia ndani. Ndio ule mng'ao wa paji la uso na ncha ya pua, na rangi yake ni rangi ya mwanga wenyewe. Sehemu nyingine inaingia ndani ya ngozi, inakutana na melanini na damu, kisha inatoka ikiwa na wekundu na udhahabu tunaoutambua kama ngozi ya mtu. Ngozi nyeusi humeza zaidi ya ile inayoingia. Kwa hiyo ule mng'ao wa juu unakuwa na uzito mkubwa zaidi katika kile kinachoonekana. Mtu mweusi kando ya ukuta wa kijani hapati uso wa kijani, anapata mistari ya kijani inayong'aa kwenye shavu na taya, huku sehemu nyingine zikiwa salama. Kabla ya kupiga, kitambaa kikavu au poda kidogo kwenye upande wa ukuta hupunguza kazi ya saa nzima. Baada ya kupiga, jua kwamba ni mistari hiyo inayohitaji brashi, si uso mzima.

Je, wajua kwamba ngozi ya binadamu, iwe ya Mnorwe au ya Mdinka, ina mpangilio mmoja wa namba? Katika mwanga mzuri wa mchana, nyekundu huwa juu, kijani hufuata, bluu huwa chini. Kinachobadilika ni kiasi. Ni kwa sababu rangi ya ngozi zetu zote imetengenezwa na vitu vilevile, melanini na damu. Wahariri wa video wana chombo kinachoitwa vektaskopu chenye mstari mmoja wa ngozi, na nyuso za watu wa kila rangi huangukia karibu na mstari huo. Kijani kikiingia, pengo kati ya nyekundu na kijani hupungua. Macho yako yakichoka, pengo hilo halichoki.

Hebu tulifanyie kazi. Kijana wa maji ya kunde ameegemea ukuta wa kijani, ukuta ukiwa kushoto kwake. Fungua picha katika GIMP, ambayo haiuzwi, chukua Color Picker, weka alama kwenye Sample average ili usome eneo badala ya pikseli moja, kisha bonyeza shavu la kulia, lile linalotazama uwazi. Tuseme unasoma nyekundu 150, kijani 108, bluu 84. Nyekundu imeizidi kijani kwa 42, na kijani imeizidi bluu kwa 24. Huyo ndiye kijana mwenyewe. Sasa bonyeza shavu la kushoto: nyekundu 118, kijani 112, bluu 72. Pengo la kwanza limeporomoka hadi 6, la pili limefura hadi 40. Shavu hilo limenyimwa wekundu na ubuluu, na namba zimekwambia ni kwa kiasi gani.

Usiguse picha yenyewe. Nakili leya kwa Duplicate Layer. Juu ya nakala, fungua Colors, kisha Color Balance, chagua Midtones, na usogeze kitelezi cha Magenta na Green kuelekea Magenta, huku ukiongeza wekundu kidogo kwenye kile cha Cyan na Red. Angalia shavu la kushoto tu. Picha nyingine yote itakuwa ya waridi, iache. Likishakaa sawa, badilisha hali ya leya iwe LCh Color, ili leya hiyo ibadilishe rangi bila kugusa mwangaza na kivuli. Kisha ongeza Layer Mask iliyo nyeusi. Mabadiliko yote yanatoweka. Chukua brashi laini, rangi nyeupe, nguvu ya asilimia 20 au 30, na upake kuanzia taya ya kushoto kuelekea pua, ukipunguza kadiri unavyokaribia upande wa kulia. Pita polepole, mara kadhaa. Usisahau sikio, shingo na mkono ulioegemea ukuta.

Soma tena. Ukifika karibu na nyekundu 138, kijani 105 na bluu 81, acha hapo. Mapengo sasa ni 33 na 24. Ungeweza kusukuma hadi la kwanza lilingane kabisa na la shavu la kulia, lakini mimi sipendi. Ukuta upo kwenye picha na mtazamaji anauona, hivyo anategemea kidogo cha rangi yake kigusane na mtu aliyeuegemea. Ukikifuta chote, kijana ataonekana amekatwa na kubandikwa.

Kwenye Lightroom kazi ni ileile kwa njia fupi zaidi: tengeneza Mask ya Brush, kisha sogeza Tint kuelekea majenta ndani ya mask hiyo. Kwa kijani kinachopanda kutoka kwenye ukoka, Linear Gradient ni bora kuliko brashi, kwa kuwa mwanga wenyewe unafifia kwa mpangilio huo, kutoka kifuani kwenda juu. Mwenye simu na Snapseed anaweza pia. Fanya White Balance kwa kutumia Tint hadi uso ukae sawa, kisha nenda View edits, gusa hatua uliyoifanya, chagua brashi, na upake uso peke yake.

Je, wajua kwamba kupunguza kijani kwenye vitelezi vya rangi mojamoja mara nyingi hakuugusi uso? Programu hugawa rangi kwa majina yake, na ngozi iliyoingiliwa na kijani kwa kawaida haiangukii kwenye Green. Inaangukia kwenye Yellow. Mtu akivuta Saturation ya Green hadi mwisho wa chini, mwembe unakuwa wa kijivu na bibi harusi bado anaumwa. Kama huna njia ya kupaka sehemu, jaribu Hue ya Yellow, uisogeze kidogo kuelekea chungwa. Ngozi itapata uhai. Lakini kila cha manjano kwenye fremu kitaifuata, na kama mashangazi wamevaa sare za manjano, acha.

Je, wajua kwamba kanzu nyeupe si shahidi mwaminifu? Wengi huchukua kile kidude cha kudondoa rangi, wanabonyeza kitu cheupe na kuamini. Sabuni nyingi za unga zina dawa zinazopokea mionzi isiyoonekana ya jua na kuirudisha ikiwa na ubuluu, ndiyo maana nguo huonekana nyeupe pepe. Ukibonyeza kanzu ya namna hiyo, programu itaondoa ubuluu na picha itageuka manjano. Weupe wa macho una mishipa ya damu, na meno yana umanjano wake wa asili. Shahidi wa kuaminika ni kadi ya kijivu ya wapigapicha, na hata yenyewe inadanganya ikishikwa vibaya. Ikiinama kuelekea nyasi itasoma nyasi, ikiinuka itasoma anga. Ishikwe usawa wa shavu, ikitazama kamera, upande uleule ambao uso umegeukia. Piga fremu moja ukiwa nayo, kisha endelea.

Je, wajua dalili za kuzidisha dawa? Huanza mbali na mahali unapoangalia. Ncha za masikio zinakuwa nyekundu mno. Viganja na vifundo vya vidole vinakuwa vya waridi. Midomo inaelekea zambarau. Kola nyeupe inachukua waridi upande mmoja. Na mara nyingi zaidi, uso unaachana na shingo, kwa sababu aliyepaka brashi aliishia kidevuni. Tazama makutano ya taya na shingo kabla ya kitu kingine chochote. Ukishafanya kazi kwa dakika chache mfululizo, macho yako yatakuwa yameizoea rangi iliyo mbele yake, basi inuka, tazama nje, kisha rudi. Na uzime ile hali ya usiku inayotia kioo umanjano. Huwezi kupima rangi kupitia kioo kilichotiwa rangi.

Je, wajua kwamba sensa yenyewe huhisi kijani kuliko rangi nyingine? Mpangilio unaotumika kwenye kamera na simu nyingi ulibuniwa na Bryce Bayer wa Kodak, na hataza yake ilitolewa mwaka 1976. Katika kila vihisi vinne, viwili ni vya kijani, kimoja cha nyekundu na kimoja cha bluu. Kabla kamera haijaongeza nguvu ya nyekundu na bluu, picha ghafi huonekana ya kijani hata ikipigwa kwenye jua tupu. Chini ya mti, nyekundu na bluu zilizoingia ni chache zaidi, kwa hiyo unapoondoa kijani unaziongeza nguvu kwa mara ya pili, na chenga zilizojificha ndani yake zinaongezeka pia. Utaziona kwanza kwenye kivuli cha shingo na kwenye nywele. Ndiyo sababu ya kupiga picha ghafi badala ya JPEG: JPEG ina ngazi 256 kwa kila rangi, na ghafi ya biti 14 ina ngazi 16,384. Ndiyo sababu pia ya kutoiacha picha ya chini ya mti iwe na giza kwa matumaini ya kuing'arisha nyumbani.

Na kuna mahali dawa inapokoma. Chini ya turubai la kijani, jua likipiga juu, mwanga wote uliopo umepita kwenye plastiki hiyo. Hakuna upande wa uwazi wa kulinganisha nao, na wekundu uliobaki ni mdogo mno. Hina ya mikononi, rangi ya mdomo na wekundu wa shavuni vimeungana kuwa hudhurungi moja, na hakuna programu inayoweza kutenganisha ambacho sensa haikukipokea. Ukivuta majenta, utapata kijivu chenye chenga. Kwa picha hizo, geuza ziwe nyeusi na nyeupe ukitegemea zaidi kijani, ambako ndiko picha safi iliko. Kama sherehe haijaisha, muombe mwenyeji afungue ubavu mmoja wa turubai, umweke bibi harusi mita moja kutoka ukingoni akitazama nje, upige tena.